Tiketi za bure na vibanda vya wadhamini: jinsi ya kuvigawa na kufuatilia vinavyotumika

Wanaoandaa kongamano kwa mara ya kwanza huuliza maswali yaleyale. Mdhamini aliyeahidiwa tiketi tano ametumia ngapi mpaka leo? Mbona wageni wake wamefika saba? Zile ambazo hazijatumika tunaruhusiwa kuziuza? Na kibanda cha kwanza mlangoni, mbona amekaa mtu tusiyemjua?

Maswali yote hayo hujibiwa na daftari moja ambamo kila tiketi ina mstari wake na kila kibanda kina mstari wake, kuanzia siku mkataba unaposainiwa mpaka siku ya kubomoa vibanda. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kulitengeneza na kulitumia. Mfano ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho: kongamano la siku mbili, ukumbi wa viti 400, na chumba cha maonyesho chenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 12.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ramani ya chumba cha maonyesho yenye vipimo, ikionyesha milango, nguzo na soketi za umeme. Ukikosa, chukua futi ya kupimia ukapime mwenyewe.
- Masharti ya ukumbi kuhusu milango ya dharura na upana wa njia.
- Mfumo wa kuuza tiketi unaoweza kutengeneza misimbo ya punguzo yenye kikomo cha matumizi.
- Lahajedwali moja ambayo watu wasiozidi wawili ndio wenye ruhusa ya kuiandika.
- Tarehe ambayo mpishi anataka idadi ya mwisho ya watu wa kula.
- Jina la mtu mmoja kwa kila mdhamini ambaye ndiye atakayekutumia majina ya wageni. Mmoja tu. Wakiwa wawili, kila mmoja atadhani mwenzake ameshatuma, au wote watatuma orodha zinazotofautiana.

## Hatua

### 1. Chora vibanda kwanza, ndipo uandike vifurushi

Kosa la kawaida ni kujumlisha mita za mraba. Tuseme umepanga viwango vitatu: Dhahabu mmoja mwenye kibanda cha mita 6 kwa 3, Fedha watatu wenye mita 3 kwa 3, na Shaba sita wenye upana wa mbele wa mita 2 na kina cha mita 3. Jumla ni mita za mraba 18, 27 na 36, yaani 81. Chumba kina mita za mraba 180. Unaona kimetosha na kubaki.

Sasa kichore. Kinachoisha chumbani ni upana wa mbele, ile sehemu ya kibanda inayotazamana na watu wanaopita. Ukipanga vibanda kwenye kuta mbili ndefu, una mita 15 kila upande, na katikati inabaki njia ya mita 6. Ukuta wa kwanza unapokea Dhahabu mita 6 na Fedha watatu mita 9: umejaa sawasawa. Ukuta wa pili una mlango wa dharura wa mita 3, kwa hiyo zinabaki mita 12, na Shaba sita kwa mita 2 kila mmoja ni mita 12. Kwa hesabu, wote wamepata nafasi.

Lakini tuseme mlango huo unaanzia mita 5 kutoka kona. Upande mmoja una mita 5: vibanda viwili, mita moja inabaki bure. Upande wa pili una mita 7: vibanda vitatu, mita moja tena inabaki. Umepata vibanda vitano, na mdhamini wa sita, ambaye huenda ameshalipa, hana pa kukaa. Kumweka katikati ya njia kunaacha mita 2 kila upande, na si kila ukumbi utakubali.

Hilo likigunduliwa kabla ya mauzo, dawa yake ni rahisi: uza Shaba tano, au mfanye wa sita kuwa mdhamini asiye na kibanda. Likigunduliwa baada ya mkataba, utarudisha fedha. Kuanzia hapa mfano wetu una wadhamini tisa: M01 ni Dhahabu, M02 hadi M04 ni Fedha, M05 hadi M09 ni Shaba.

### 2. Andika ahadi ambayo haina tafsiri mbili

"Tiketi tano za bure" ni maneno yanayoleta ugomvi. Mdhamini anasoma: wageni watano, na wafanyakazi wa kibandani juu yake. Wewe ulimaanisha watu watano kwa jumla. Tenganisha aina mbili kwenye mkataba na uzitaje kwa majina tofauti kila mahali.

Tiketi ya mgeni inampa mtu kiti ukumbini, chakula na vikao vyote. Beji ya mhudumu inamruhusu mtu kukaa kibandani na kula, lakini haina kiti ukumbini. Katika mfano wetu:

- Dhahabu: wageni 10, wahudumu 4
- Fedha: wageni 5, wahudumu 2
- Shaba: wageni 2, wahudumu 2

Wageni ni 10 + 15 + 10, jumla 35. Wahudumu ni 4 + 6 + 10, jumla 20. Kwa hiyo viti vya kuuza ni 365, na mpishi aambiwe kuhusu midomo 55 ya wadhamini. Wengi husahau hawa 20, na chakula hupungua siku ya kwanza mchana.

Ongeza mambo manne kwenye mkataba: tiketi ni za siku zote mbili kwa mtu mmoja, tarehe ya mwisho ya kutuma majina, zisizotumika zinarudi kwa mwandaaji bila fidia, na kibanda hakikodishwi wala kugawiwa kampuni nyingine bila kibali cha maandishi. Taja pia vipimo vya kibanda kwa upana na kina. "Mita za mraba 6" peke yake inaweza kuwa 2 kwa 3 au 3 kwa 2, na mwenye bango la upana wa mita 3 atafika akitarajia ya pili.

### 3. Fungua daftari

Daftari letu ni ile lahajedwali. Tengeneza kurasa tatu: `Wadhamini`, `Tiketi` na `Vibanda`.

Ukurasa wa `Wadhamini` una mstari mmoja kwa kila mdhamini. Safu zake, A hadi G: namba (M01, M02...), jina, kiwango, haki ya wageni, zilizotolewa, zilizobaki, walioingia.

Ukurasa wa `Tiketi` una mstari mmoja kwa kila mtu. Safu A hadi F: namba ya mdhamini, jina la mtu, barua pepe, aina (MGENI au MHUDUMU), hali (HAI au IMEFUTWA), saa ya kuingia.

Namba za haki unaandika kwa mkono kutoka kwenye mkataba. Zilizobaki zijihesabu zenyewe. Kwenye mstari wa 2 wa `Wadhamini` weka fomula hizi katika E, F na G, kisha uziburute hadi chini:

```
=COUNTIFS(Tiketi!$A:$A,$A2,Tiketi!$D:$D,"MGENI",Tiketi!$E:$E,"HAI")
=D2-E2
=COUNTIFS(Tiketi!$A:$A,$A2,Tiketi!$D:$D,"MGENI",Tiketi!$E:$E,"HAI",Tiketi!$F:$F,"<>")
```

Mtu akijitoa, usifute mstari wake. Badilisha hali iwe IMEFUTWA na uandike mstari mpya kwa atakayechukua nafasi. Ukifuta, wiki tatu baadaye mdhamini atakapouliza "mbona Fulani amekataliwa mlangoni?", hutakuwa na jibu.

Ukurasa wa `Vibanda` ni mfupi: namba ya kibanda kwenye ramani, namba ya mdhamini, upana, kina, soketi alizoomba, saa ya kufika, na safu tatu za ukaguzi utakazojaza kwenye hatua ya 8.

### 4. Mpe kila mdhamini msimbo wake

Usitengeneze msimbo mmoja kwa Fedha wote. Ukiwa na msimbo wenye matumizi 15 kwa wadhamini watatu, wa kwanza kuamka atatumia 9, na hutajua ni nani. Kila mdhamini awe na msimbo wake, wenye kikomo sawa na haki yake na tarehe ya mwisho wa kutumika.

Msimbo usiwe rahisi kukisia. `FEDHA3` mtu ataujaribu, `M03-T7RK` hataukisia. Epuka herufi O na I pamoja na tarakimu 0 na 1 katika sehemu ya nasibu, maana watu husoma msimbo kwa simu na kuchanganya.

Kuna jambo linalowapita wengi: je, msimbo unashika viti, au unatoa punguzo tu? Msimbo wa punguzo tupu hauzuii tiketi kuuzwa kwa watu wengine. Tiketi 400 zikiisha wiki mbili kabla, mdhamini akiingiza msimbo wake ataambiwa zimekwisha, ingawa mkataba unampa tano. Kwenye mfumo wa kuuza tiketi wa pretix, kwa mfano, ukitengeneza vocha unajaza `Maximum usages` kwa kikomo, na unaweka alama kwenye `Reserve ticket from quota` ili viti hivyo vitolewe sokoni. Kama mfumo wako hauna kitu cha namna hiyo, punguza mwenyewe idadi ya tiketi za kuuza kutoka 400 hadi 365, na tengeneza aina ya tiketi iliyofichwa yenye viti 35 kwa ajili ya wadhamini peke yao.

Kabla ya kutuma misimbo, ijaribu. Tengeneza msimbo wa majaribio wenye kikomo cha 3, weka oda moja yenye tiketi mbili, kisha angalia yamebaki matumizi mangapi. Yakibaki 1, mfumo unahesabu tiketi. Yakibaki 2, mfumo unahesabu oda, na hapo mdhamini mwenye kikomo cha 5 anaweza kuchukua tiketi kumi au zaidi bila kuvunja sheria yoyote ya mfumo. Kama ni hivyo, weka pia kikomo cha tiketi moja kwa kila oda. Halafu futa oda hiyo ya majaribio uone kama matumizi yanarudi. Mifumo mingine hairudishi, na ni heri ulijue leo kuliko usiku wa kuamkia kongamano.

### 5. Tuma, kisha kumbusha kwa namba

Tuma msimbo wiki nane kabla, baada ya malipo yaliyokubaliwa kuingia. Barua iwe fupi: msimbo, idadi, tarehe ya mwisho, na onyo kwamba usiwekwe kwenye mitandao ya kijamii.

Wadhamini wengi hawatafanya chochote kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kumbusha wiki nne kabla na tena wiki mbili kabla. Kumbusho lenye kusema "tafadhali tumia tiketi zako" hupuuzwa. Lenye hesabu hujibiwa. Kwa M03 ingekuwa hivi:

"Ndugu, hadi leo mmetumia tiketi 2 kati ya 5. Waliosajiliwa ni hawa wawili walioorodheshwa hapa chini. Zimebaki 3. Mwisho wa kusajili ni Ijumaa saa 11 jioni. Baada ya hapo nafasi zilizobaki zitarudi kwetu."

Kuorodhesha majina kuna faida ya pili. Msimbo ukivuja, mdhamini mwenyewe ndiye atakayekwambia "huyu wa pili simfahamu".

### 6. Funga kwa wakati na urudishe viti

Funga siku saba kabla ya kongamano, au siku moja kabla ya tarehe ya mpishi, yoyote itakayotangulia. Siku hiyo zima misimbo yote, hamisha orodha kutoka kwenye mfumo wa tiketi, na uilinganishe na daftari mstari kwa mstari. Ndipo viti vilivyobaki viingie sokoni.

Tuseme M03 amesajili 4, M01 amesajili 8, na waliobaki wametimiza. Haki ni 35, zilizotolewa ni 32, kwa hiyo viti 3 vinarudi. Usirudishe kiti hata kimoja kabla ya kuzima misimbo. Ukigeuza mpangilio huo unaweza kuuza kiti ambacho mdhamini anakisajili dakika hiyohiyo.

Baada ya kufunga, ruhusu kubadilisha jina tu, mpaka siku mbili kabla. Kubadilisha jina hakuongezi mtu, kwa hiyo hakumsumbui mpishi wala ukumbi.

### 7. Mlangoni, andika saa

Kutolewa na kuingia ni vitu viwili. Ukiskani tiketi, mfumo unaandika saa yenyewe. Nakili saa hiyo kwenye safu F. Kama hamna mashine, chapisha orodha iliyopangwa kwa alfabeti na mkaribishaji aandike saa pembeni ya jina.

Beji za wahudumu ziwe za rangi tofauti na zichukuliwe kwenye meza yake, tena mapema, kwa sababu wanafika alfajiri kujenga vibanda kabla meza ya usajili haijafunguliwa. Usipowapangia, mlinzi atawazuia nje, au atamwacha apite kila anayebeba kiti na bango.

Mdhamini akija na mtu wa ziada, mwenye meza asijadiliane. Afungue daftari, aseme "haki ni 5, zimetolewa 5", na amwelekeze kununua tiketi. Uamuzi wa kumsamehe awe nao mtu mmoja tu, na akimsamehe aandike mstari.

### 8. Zungukia vibanda mara tatu

Tiketi zina mfumo unaozihesabu. Vibanda vinahitaji miguu. Pita na ramani nusu saa kabla ya kufungua, siku ya kwanza alasiri, na saa mbili kabla ya kufunga siku ya mwisho. Kila mara andika: kuna mtu au hakuna, bango ni la nani, na kama vitu vimevuka mstari wa kibanda. Piga picha moja ya kila kibanda.

Mzunguko wa kwanza unagundua asiyefika. Mpigie simu papo hapo. Kibanda kitupu kilicho mlangoni kinawaudhi majirani wake pia. Wa pili unagundua kibanda kilichogawiwa kampuni nyingine. Wa tatu unagundua waliofungasha mapema, na hao ni wengi kuliko unavyotarajia, hasa wenye safari.

### 9. Tuma hesabu ndani ya wiki mbili

Kwa kila mdhamini, mistari michache inatosha. Kwa M03: wageni haki 5, waliosajiliwa 4, walioingia 3, wahudumu 2 kati ya 2, kibanda kilikuwa na watu katika mizunguko yote mitatu. Ambatanisha picha.

Usimpe mdhamini orodha ya wahudhuriaji wengine. Walitoa majina na barua pepe ili waingie kongamanoni, si ili watafutwe na kila mwenye kibanda.

Hesabu hizi ndizo utakazokaa nazo mezani mwakani. Dhahabu aliyesajili 8 na wakaingia 5 hahitaji tiketi 10. Mpe 6 na umwongezee kitu alichokitumia kweli, kwa mfano mita moja ya upana wa mbele.

## Mambo yakienda mrama

Zilizobaki inaonyesha namba hasi. Ama kikomo cha msimbo kinahesabu oda badala ya tiketi, ama mhudumu ameandikwa kama MGENI. Chuja safu A kwa mdhamini huyo usome majina. Kosa huonekana hapohapo.

Fomula inatoa 0 wakati majina yapo. Mara nyingi kuna nafasi tupu baada ya namba, yaani "M03" ikifuatiwa na nafasi isiyoonekana. `COUNTIFS` haijali herufi kubwa au ndogo, lakini nafasi tupu inaijali. Isafishe safu kwa `TRIM`.

Fomula inakataliwa kabisa. Kwenye mipangilio ya baadhi ya nchi, lahajedwali hutaka nukta-mkato `;` mahali pa koma.

Walioingia ni sawa na waliosajiliwa kwa kila mdhamini. Usifurahi mapema. Kama safu F imejazwa kwa fomula inayorudisha `""`, `"<>"` inaihesabu kana kwamba ina kitu. Bandika saa kama thamani, si fomula, na seli za wasioingia ziachwe tupu kabisa.

Msimbo umevuja. Uzime na umpe mdhamini msimbo mpya wenye kikomo cha matumizi yaliyobaki. Usizifute tiketi zilizokwisha kutolewa mpaka mdhamini athibitishe kwa maandishi ni zipi si zake.

Mdhamini anataka kupanda kutoka Shaba kwenda Fedha katikati ya safari. Tiketi ni rahisi: badilisha kikomo kutoka 2 hadi 5 na haki kwenye daftari, siku hiyohiyo, maana ukibadilisha kimoja tu hesabu zitapingana. Kama kuuza kunaendelea, hakikisha kwanza viti 3 vya kumwongezea bado vipo. Kibanda ndicho kigumu, kwa sababu anahitaji mita 3 na jirani yake hataki kuhama. Hapo ndipo ile mita moja iliyobaki kila upande wa mlango wa dharura inapofaa: anayepanda akiwa ni yule wa karibu na mlango, anaichukua bila kumgusa mtu. Lakini uulize ukumbi kwanza. Kama masharti yao yanataka nafasi wazi pembeni ya mlango, mita hiyo si yako kuigawa.